SIKILIZA SAUTI YAKO KABLA BARAZA HALIJAISIKILIZA



Katika kiwanda kimoja cha chai huku magharibi ya Uganda yuko dada yetu mmoja aliyefanya kazi ya kunyausha majani kwa muda wa miaka 12. Mara mbili nafasi ya msimamizi wa zamu ilitangazwa, na mara mbili aliitwa mbele ya baraza la usaili. Mara zote mbili nafasi ilipewa mtu mwingine ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alipokuja kwangu mara ya tatu alisema, "Ndugu katibu, kazi ninaijua. Sijui ninasema nini nikiwa mle ndani."

Maneno yake yalikuwa ya kweli kuliko alivyodhani. Mtu akiwa anasema, akili yake iko katika kutafuta neno linalofuata, kwa hiyo hawezi wakati ule ule kusikia anavyosikika. Rafiki naye akiulizwa husema, "Umejibu vizuri," kwa sababu ni rafiki na hadithi yenyewe anaijua. Basi tulichukua simu, tukaweka maswali ya mazoezi, tukanasa majibu yake, tukakaa chini kuyasikiliza. Zamani chama chetu kingehitaji kinasa-sauti na kaseti kwa kazi hii. Leo hata simu nyingi za bei ndogo zina kinasa-sauti ndani yake.

Nitaeleza tulivyofanya, hatua kwa hatua, ili kila tawi liweze kufanya vivyo hivyo.

KUTAYARISHA

Tulichagua maswali manne tu. Swali moja lilikuwa la kujieleza, jingine la tatizo alilowahi kulitatua kazini, jingine la wafanyakazi wawili wanaogombana, na la mwisho lilikuwa kwa nini apewe yeye nafasi hiyo. Kila swali tuliliandika katika kipande chake cha karatasi. Vipande vilichanganywa, na kijana mmoja wa tawi akawa muulizaji. Ni muhimu aulize mtu mwingine. Ukijisomea swali mwenyewe, jibu huanza kujipanga kichwani kabla swali halijaisha, na hilo halitatokea mbele ya baraza.

Kwanza tuliibonyeza ile alama ya ndege katika simu, maana mtu akipiga katikati ya jibu kunasa kunaweza kukatika. Simu tuliilaza juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu meza ikigongwa kwa kidole sauti ya kugonga huingia kubwa kuliko ya msemaji. Tuliiweka umbali wa mkono mmoja. Tena tulikaa mbali na mashine, ofisini kwa tawi, saa ya jioni.

Jambo jingine tulilokubaliana ni kwamba hakuna kusimamisha na kuanza upya. Ukikosea, endelea mpaka mwisho. Baraza halitakuruhusu kufuta, na tena hapo unapokosea ndipo tunapotaka kupasikia.

KUSIKILIZA MARA YA KWANZA: USIANDIKE KITU

Dada yetu aliposikia sauti yake alifunika uso. "Hii si sauti yangu," alisema, "ni nyembamba kama ya mtoto." Karibu kila mtu husema hivyo, na ipo sababu. Unapozungumza, sauti yako hufika sikioni kwa njia mbili. Njia moja ni hewa, kama inavyowafikia wengine. Njia ya pili ni mifupa ya kichwa chako mwenyewe, nayo hupitisha zaidi sauti nzito. Simu hunasa ile ya hewa peke yake, ndiyo maana uzito ule uliouzoea haumo. Sauti unayoisikia katika simu iko karibu zaidi na ile ambayo wenzako wameisikia siku zote, nao hawajakukimbia.

Kwa hiyo mara ya kwanza ni ya kuzoea tu. Sikiliza mpaka mwisho bila kalamu. Mtu akianza kuandika makosa wakati bado anaona haya, ataandika "sauti mbaya," na hilo si kosa wala halina dawa.

KUSIKILIZA MARA YA PILI: ANDIKA KILA NENO

Mara ya pili tulisikiliza kidogo kidogo, tukisimamisha na kuandika kila neno kama lilivyotoka, hata miguno. Kazi hii huchosha, lakini ndiyo yenye faida kuliko zote. Hili hapa ni jibu lake la kwanza kwa swali la tatizo alilolitatua, kama tulivyoliandika kwa ruhusa yake:

"Eee, mimi nimeanza kazi hapa zamani, yaani, tangu enzi ya yule meneja wa kwanza, eee, na shida ni nyingi, yaani, kwa mfano majani, mvua ikinyesha, unajua, majani yanakuja mengi, kwa hiyo, eee, siku moja feni ikasimama, yaani, tukahangaika, tukatoa majani, eee, tukapeleka kwingine, halafu fundi akaja, yaani, ikatengenezwa. Ni hayo tu."

Sasa hesabu pamoja nami. Maneno yote ni 51. Neno "eee" limetokea mara 4, "yaani" mara 4, "unajua" mara 1, na "kwa hiyo" isiyounganisha kitu mara 1. Hivyo viraka vya kujazia nafasi ni 10 katika jibu fupi namna hii. Wengine kwetu hutumia "kati" ya Kiganda, wengine "nini hii," wengine husafisha koo. Kila mtu ana chake, na asiyejinasa hakijui.

Watu wengi wakiona hesabu hii hukimbilia kuvizuia viraka kimoja kimoja. Wanauma meno wasiseme "eee," na matokeo yake ni kwamba wanasahau hata walichotaka kusema. Sisi tulitazama jambo jingine: viraka hivyo vimekaa wapi? Soma tena. Habari yenyewe inaanza kwenye "siku moja feni ikasimama." Kabla ya hapo kuna maneno 32, na katika hayo mna viraka 7. Baada ya hapo viraka ni 3 tu.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba dada huyu alianza kusema kabla hajajua anakwenda wapi. Alizunguka kwenye zamani, kwenye meneja wa kwanza, kwenye mvua, akitafuta mlango. Kila alipofika njia panda alisema "eee." Alipoupata mlango, yaani siku ile ya feni, ulimi ulinyooka. Kwa hiyo "eee" ilikuwa alama ya mahali ambapo mpango wa jibu haukuwapo. Dawa yake ni kupanga jibu, na viraka vingi huondoka vyenyewe.

NGUZO NNE ZA JIBU

Tulichukua kalamu za rangi nne. Jibu la swali la namna hii linahitaji mambo manne: hali ilikuwaje, kazi yako wewe ilikuwa ipi, ulichukua hatua gani, na matokeo yalikuwa nini. Tulipiga mstari chini ya kila neno kwa rangi ya nguzo yake. Hali ilipata mstari mrefu. Kazi yake haikupata mstari hata mmoja. Hatua zilipata maneno machache. Matokeo yalikuwa neno moja, "ikatengenezwa."

Ndipo tukaona jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililomnyima nafasi mara mbili. Tazama mwanzo wa vitendo vyake: tukahangaika, tukatoa, tukapeleka. Katika lugha yetu mtendaji amefichwa ndani ya silabi moja. Ukisema "tu-," baraza haliwezi kujua kama uliongoza kazi au ulisimama kando na kushika taa. Na ukisema "ikatengenezwa," mtendaji ametoweka kabisa. Katika jibu zima, "ni-" ilitokea mara moja tu, kwenye "nimeanza kazi."

Nilimwuliza, "Dada, nani alisema majani yatolewe?"

"Mimi."

"Nani aliwaita watu?"

"Mimi. Lakini ndugu katibu, nikisema mimi, mimi, wenzangu watasema najivuna. Kazi tulifanya wote."

Swali lake ni zito, na sisi wa chama hatuwezi kulipuuza. Nguvu yetu ni "sisi." Lakini mbele ya baraza la usaili anaulizwa mtu mmoja juu ya kazi ya mtu mmoja. Ukweli ndio unaotakiwa. Uliloamua wewe liseme kwa "ni-." Mliloshika kwa mikono pamoja liseme kwa "tu-." Hapo humnyang'anyi mwenzako jasho lake, wala humpi meneja nafasi ya kudhani kwamba majani yalijihamisha.

Basi nikamwomba anisimulie usiku ule kama anavyomsimulia jirani yake, simu ikiwa imezimwa. Na habari ikatoka tofauti kabisa. Kwa wasiojua kazi hiyo, majani mabichi hutandazwa juu ya vitanda virefu vya waya, na feni hupuliza hewa kutoka chini ili yapungue maji kabla ya kwenda kukatwa mashineni. Feni ikisimama, majani yaliyorundikana hupata joto lenyewe, huanza kuwa mekundu, na chai yake huharibika. Usiku ule feni ilipokufa yeye alizima swichi kwanza, akamtuma mtu kwa fundi, akagawa majani kwenye vitanda vingine. Hata alikumbuka kumwambia msimamizi kwamba vitanda vilivyoongezewa mzigo vitachelewa kunyauka. Hilo la mwisho ndilo fikra ya msimamizi hasa, na katika jibu alilolinasa halikuwamo kabisa.

KASI NA MWISHO WA SENTENSI

Mara ya tatu tulisikiliza kasi. Viko vitabu vinavyotaja idadi ya maneno kwa dakika, lakini hesabu hizo nyingi ni za Kiingereza. Neno letu moja, kama "nikamwambia," hubeba maneno matatu au manne ya Kiingereza, hivyo hesabu ya vitabu hivyo haitufai. Kipimo kizuri ni wewe mwenyewe. Nasa dakika moja ukimsimulia mtu habari uliyoizoea, uhesabu maneno. Kisha hesabu dakika moja ya jibu lako la mazoezi. Kama jibu limezidi simulizi kwa mbali, hofu inakusukuma.

Dada yetu hakuwa akikimbia muda wote. Alikimbia mwisho wa jibu tu, kuanzia "tukatoa majani," kwa sababu alitaka limwishe. Yaani alikwenda polepole mahali pasipo na kitu, akakimbia mahali penye kazi yake. Wengi hufanya hivyo, na kwa sikio tupu hawajui.

Kisha tukasogeza simu. Kwa umbali wa mkono mmoja simu husikia hata mnong'ono, kwa hiyo huwezi kupima nguvu ya sauti hapo. Tuliiweka hatua tatu mbali, pale ambapo mwenyekiti wa baraza angeketi, naye akajibu tena. Tuliposikiliza, mwanzo wa kila sentensi ulisikika na mwisho wake ulizama. "Tulipeleka kwingi..." na "ikatenge..." ndivyo vilivyobaki. Ni hasara kubwa, maana mara nyingi mwisho wa sentensi ndipo penye idadi au matokeo. Hatukumwambia apaze sauti, maana angeanza kupiga kelele kama yuko karibu na mashine. Tulimwambia afanye sentensi fupi, avute pumzi penye nukta, na neno la mwisho alitamke lote. Mtu hupoteza sauti mwishoni kwa sababu pumzi imeisha, na pumzi imeisha kwa sababu sentensi ni ndefu.

Pale ambapo "eee" ilikuwa inakuja, alijizoeza kunyamaza. Mwanzoni aliona kunyamaza huko kama saa nzima. Tulipopima katika simu kulikuwa sekunde mbili. Anayesikiliza huona mtu anayefikiri, wala hashtuki.

JIBU LA MARA YA NNE

Tulirudia swali lile siku tatu tofauti, mara moja kila jioni. Hili ndilo jibu la mara ya nne:

"Ilikuwa usiku, majira ya mvua. Kazi yangu ilikuwa kuangalia vitanda 6. Feni ya kitanda namba 4 ikasimama, nacho kilikuwa na kilo kama 1,200 za majani. Nilitia mkono chini ya majani, nikakuta yameanza kupata joto. Nilizima swichi, nikamtuma mwenzangu kumwita fundi. Sikumngoja. Niliwapanga wenzangu wanne, tukagawa majani kwenye vitanda vitatu vya jirani. Ilituchukua dakika 40. Kisha nilimwambia msimamizi kwamba vitanda hivyo vitatu vitachelewa kunyauka, viende mashineni mwisho. Asubuhi majani yote yalipita. Hakuna yaliyotupwa."

Jibu hilo lilikuwa na "eee" mbili ambazo sikuziandika, na sikumwambia chochote juu yake. Kiraka kimoja kimoja hakimwangushi mtu. Tazama badala yake kwamba hali imemalizika mapema, kazi yake imetajwa, "ni-" na "tu-" kila moja imekaa mahali pake, na matokeo yanasikika.

Kwa kuwa baraza la huko huuliza kwa Kiingereza na Kiswahili, tulipanga jibu kwanza kwa Kiswahili. Baadaye alinasa lile lile kwa Kiingereza chake cha darasani, sentensi fupi fupi. Mpangilio ukishakaa kichwani, lugha ya pili haikupotezi njia.

PENYE HATARI

Sharti niseme na pale tuliposhindwa. Ndugu mmoja wa mizani ya majani alipenda mazoezi haya mno. Alinasa jibu moja zaidi ya mara 20 mpaka akalijua kama sala. Siku ya usaili aliulizwa juu ya mfanyakazi aliyechelewa mara kwa mara, naye akatoa jibu la mizani iliyoharibika, neno kwa neno. Hakupata nafasi. Dalili ya hatari hii husikika katika simu: sauti huwa ya kiwango kimoja kama ya mtoto anayesoma ubaoni, na jibu la leo na la jana yanafanana hata katika pumzi. Ukisikia hivyo, acha swali hilo. Kwa uzoefu wetu mara tatu au nne zinatosha. Kariri nguzo nne na idadi zako, usikariri maneno. Na muulizaji abadilishe swali kidogo kila mara.

Hatari ya pili ni majina. Katika mazoezi mtu hueleza ugomvi na makosa ya wenzake. Usitaje jina la mtu, na ukishamaliza kusikiliza, futa. Simu za kwetu hupita mikono mingi. Na mazoezi ni mazoezi: usiingie na simu inayonasa kwa siri ndani ya chumba cha usaili.

Hatari ya tatu ni kudhani kwamba sauti iliyopangwa itashinda kila kitu. Iko nafasi ambayo mwenyewe amekwisha kuchaguliwa kabla barua hazijatoka. Hiyo simu haiwezi kuitibu. Hiyo ni kazi ya tawi, kudai nafasi zitangazwe wazi na sababu za uchaguzi zitolewe kwa maandishi.

Dada yetu aliitwa mara ya tatu. Waliketi watu watatu mbele yake, na swali la pili lilikuwa la tatizo alilolitatua. Alisema alinyamaza kidogo, akaanza na neno "usiku." Alipofika penye kilo 1,200 mmoja wao alichukua kalamu. Alipomaliza, mwenyekiti alimwuliza, "Kwa nini ulitaka vitanda vile vitatu viende mwisho?" Hilo hatukulifanyia mazoezi. Alijibu kutokana na miaka yake 12, bila "eee" hata moja.

Amepewa usimamizi wa zamu ya usiku, miezi mitatu ya majaribio. Juma lililopita alikuja ofisini kwa tawi jioni. Nilidhani ana shida, kumbe amemleta kijana wa kitanda namba 4. Yeye mwenyewe ndiye aliyekunja kitambaa, akalaza simu juu yake, akachanganya vile vipande vya karatasi.